Herufi za duka la mikate: kwa nini niliikataa mikia

*"Umenichagulia herufi nene zenye miguu iliyoviringana kwa ajili ya nembo ya duka langu la mikate. Mimi nilitaka zile za mwandiko wa mkono, zenye mikia, kama nilizokutumia. Kwenye simu zinapendeza sana. Binti yangu anasema hizi zako ni kama za katuni, mimi naziona za zamani, tena nimesikia fonti yenyewe ni ya bure, mtu yeyote anaipakua. Kwa nini hizi ziwe bora kwa duka langu? Na nikizikubali leo, sitajuta nikishachapisha mifuko?"*

Dada yangu,

Nianze na binti yako, maana ameona kitu kilichonipita. Fonti niliyokuchagulia inaitwa Fraunces, na tofauti na fonti nyingi, hii ina vipimo vinne unavyoweza kuvipandisha na kuvishusha. Viwili ni vya kazi, nitavieleza mbele kidogo. Viwili vingine ni vya madaha. SOFT kinalainisha ncha na kona za herufi, kutoka 0 hadi 100. WONK ni kama swichi tu: ukikiwasha, miguu ya h, m na n inainama kama ya mtu aliyeegemea ukuta. Kwenye rasimu mliyoiona nilikuwa nimeweka SOFT 100 na kuwasha WONK. Herufi moja moja zilinifurahisha. Zikikaa pamoja, mbili zimeinama na kila ncha imeviringana kama kipande cha sabuni kilichotumika wiki nzima, neno lote linaanza kucheza. Hiyo ndiyo katuni aliyoiona. Nimeizima WONK na kuishusha SOFT hadi 60, na rasimu mpya iko pamoja na barua hii. Mshukuru kwa niaba yangu.

Unene wenyewe sijaupunguza, na miguu sijaikata, wala sijarudi kwenye mwandiko wenye mikia. Hapo sikubaliani nanyi, na nitakueleza sababu zangu ili uamue ukiwa unajua unachokikataa.

Kwa kuwa umeniruhusu wengine nao wasome jibu hili, sitalitaja jina la duka lako. Nitatumia neno hamira mahali pake. Lina herufi sita, na lina mitego ileile iliyonikosesha usingizi kwenye jina lako.

Nembo ile ya mikia kwenye simu inapendeza kweli, sibishi. Lakini kioo cha simu ndipo mahali pa huruma kuliko pote herufi inapoweza kukaa. Mwanga unatoka nyuma yake, kingo zake ni kali, na wewe umeishika karibu kabisa na macho, tena ukitaka unaikuza kwa vidole viwili. Sasa kumbuka orodha uliyonipa siku ya kwanza: mifuko ya karatasi ya kaki, muhuri wa kugonga kwenye maboksi, aproni za kudariziwa, na bango juu ya mlango. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachowaka kwa nyuma. Mteja wako atakutana na nembo hii kwenye mfuko mara nyingi kuliko kwenye simu, na mfuko hauna huruma.

Karatasi ya kaki ya mifuko haijapakwa kitu juu yake. Ni nyuzi tupu zilizoshikana. Wino ukiigusa unazifuata zile nyuzi, kama chai inavyopanda kwenye kipande cha mkate ulichokichovya. Juu ya hapo, mifuko ya namna hii huchapwa mara nyingi kwa njia iitwayo fleksografia, yaani kwa bamba laini la mpira au plastiki linalobonyezwa kwenye karatasi. Kitu laini kikibonyezwa kinatanuka, na herufi iliyo juu yake inanenepa nacho. Wachapaji wazuri wanalijua hilo na wanalipunguza, ila hawawezi kulimaliza.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme neno limechapwa kwa upana wa milimita 40, na wino umetanuka milimita 0.1 kila upande wa mstari. Hiyo ni kiasi cha unene wa karatasi moja ya kuandikia. Katika mwandiko ulionitumia, ile mistari myembamba inayounganisha herufi, nilipoipima kwa ukubwa huo, ina milimita 0.15. Ongeza 0.1 huku na 0.1 kule, inakuwa 0.35, zaidi ya mara mbili ya ilivyokuwa. Mstari mnene wenye milimita 1 unakuwa 1.2, na jicho halina habari. Kwa hiyo wino hauinenepeshi herufi yote kwa usawa. Unaila ile tofauti kati ya nene na nyembamba, na hiyo tofauti ndiyo iliyokufanya uupende mwandiko huo. Unachokiona kwenye simu ni utepe unaojikunja. Kitakachofika dukani ni kamba.

Matundu nayo yana hesabu yake. Tundu la a katika mwandiko huo lina milimita 0.4 pale linapobana. Wino ukiingia kutoka pande mbili linabaki 0.2, na chembe ya unga juu ya muhuri inatosha kuliziba. Tena ulisema unataka maboksi mengine yawe ya rangi nzito, herufi zikiachwa wazi bila wino. Hapo mambo yanageuka: wino unaingia ndani ya herufi badala ya kutoka nje. Mstari wa 0.15 ukiliwa 0.1 kila upande haubaki hata kidogo. Herufi zitakatika pale zinapoungana, na utapata vipande vya neno vilivyotapakaa kwenye boksi.

Nalijua hili kwa njia ya aibu. Miaka yangu ya mwanzo nilimtengenezea mteja mmoja nembo ya mistari myembamba kama unywele. Aliipenda, akaagiza mifuko kabla hatujaona sampuli. Ilipofika, kila a ilikuwa doa, na kila e ilikuwa doa lenye mkia. Mchapaji hakuwa na kosa. Mimi ndiye niliyekuwa sijauliza itachapwa kwenye nini.

Hapa ndipo kinapoingia kipimo cha Fraunces kilichoniamulia. Kinaandikwa opsz, yaani ukubwa ambao herufi imechorwa isomwe nao, na kinakwenda kutoka 9 hadi 144. Kukielewa, rudi enzi za herufi za risasi. Wakati huo kila ukubwa wa herufi ulichongwa peke yake, kwa mkono. Mchongaji hakuichukua herufi kubwa akaipunguza tu ili apate ndogo. Ile ndogo aliifanya pana zaidi, mistari myembamba akaitia nyama, matundu akayafungua, na nafasi kati ya herufi akazilegeza, kwa sababu aliyajua mambo ambayo wino ungemfanyia. Kompyuta zilipokuja, fonti nyingi zikawa na mchoro mmoja unaokuzwa na kupunguzwa kwa matumizi yote, na maarifa yale yakawekwa kando. Mwaka 2016 kampuni za Adobe, Apple, Google na Microsoft zilitangaza kwa pamoja muundo wa fonti zinazobadilika, ambapo faili moja linabeba maumbo yote ya katikati, na kazi ya wale wachongaji ikapata tena mahali pa kukaa. Fraunces ilitoka mwaka 2020 ikiwa na kipimo hicho ndani yake.

Maana yake kwako ni kwamba sikukutengenezea nembo moja ya kupunguza na kukuza. Nimekutengenezea michoro miwili ambayo mteja ataiona kuwa ni kitu kimoja. Ule wa bango una mistari yenye tofauti zaidi, kwa sababu pale juu kuna nafasi na hakuna wino wa kutanuka. Ule wa mfuko na muhuri una mistari myembamba iliyotiwa nyama na nafasi pana. Kipimo cha nne, wght, ni uzito wenyewe wa herufi. Siku fundi wa tovuti au wa lebo akikuuliza, usimweleze kwa maneno, mpe hivi:

```
.bango  { font-variation-settings: "opsz" 72, "wght" 700, "SOFT" 60, "WONK" 0; }
.muhuri { font-variation-settings: "opsz" 9,  "wght" 600, "SOFT" 60, "WONK" 0; }
```

Kwa mchoro wa pili, kwenye upana uleule wa milimita 40, mstari mwembamba kuliko yote ni karibu nusu milimita, na tundu la a lina zaidi ya milimita 1. Wino utakuja, utachukua chake, na bado patabaki pa kupumulia. Aproni nazo zinafaidi hapohapo. Mshono wa kulaza uzi unahitaji mstari wa kiasi cha milimita 1 ili ushike vizuri, kwa hiyo nembo ya kifuani itabidi iwe pana kuliko ya mfuko, kama milimita 90 hivi. Lakini inawezekana. Ule mwandiko wa mikia hata kwa upana huo hauwezekani bila fundi wa kudarizi kuunenepesha kwa macho yake mwenyewe, na akishafanya hivyo, nembo ni ya kwake, si yako.

Kuna tatizo jingine la mikia lisilohusu wino, na hili ni gumu wewe kuliona kwa sababu jina unalijua. Andika hamira kwa mwandiko wa kuunganisha, kisha kifunike kitone cha i kwa ncha ya kidole. M ina miguu mitatu, i ina mmoja. Jumla minne, yote ya urefu mmoja, yote imeshikana mikono. Sasa nu ina miguu mingapi? Minne. Mtu anayepita kwa mara ya kwanza ana haki kabisa ya kusoma hanura na kwenda zake. Wala si tatizo jipya: wanakili wa vitabu huko Ulaya, karne nyingi kabla ya mashine ya chapa, walianza kuweka alama juu ya i kwa sababu hii hii, ili ijitenge na miguu ya jirani zake. Kitone ni kitu cha kazi. Na katika nembo uliyonitumia, mkia wa h umezunguka juu ya herufi mbili na kutua karibu kabisa na hicho kitone, hadi kitone kinaonekana kama sehemu ya pambo.

Angalia sasa rasimu mpya. Kila mguu wa m una kikanyagio chake chini, kile wachapaji wanachokiita serifu, na kati ya kikanyagio cha mwisho cha m na cha i kuna mwanya mweupe. Jicho linapata mahali pa kukata. Nimeongeza mwanya huo kidogo kwa mkono, na ule wa kati ya r na a nimeupunguza, kwa sababu r ina kiwiko kinachoacha shimo chini yake, na bila kuibana neno lingesomeka kama hamir-a. Hili la kusogeza herufi mbilimbili ndilo lililochukua muda mwingi kuliko kuchagua fonti yenyewe, na ndilo ambalo hakuna mtu atakayekusifia kwalo.

Bango nalo lina hesabu yake. Watengeneza mabango wana kanuni ya siku nyingi: kwa kila mita 3 za umbali, herufi iwe na urefu wa milimita 25 ili isomeke bila kukodoa macho. Hiyo ni kanuni ya kidole gumba cha fundi, si sheria, na kwa herufi ndogo ninapima urefu wa a, siyo wa h. Uliniambia upande wa pili wa barabara uko mita 15 hivi kutoka mlangoni. Kumi na tano gawa kwa tatu, mara 25, unapata milimita 125 kwa a. Kwenye mchoro wangu h inakuja karibu milimita 190, na neno zima chini kidogo ya mita 1 kwa upana. Ubao wako wenye kimo cha sentimita 30 unaubeba vizuri na kuacha pembezoni.

Jaribu kuuweka ule mwandiko kwenye ubao uleule. Kimo chake kikubwa kinaliwa na mikia: kutoka kilele cha h hadi chini, a ni theluthi tu. Ukiacha pembezo unabaki na sentimita 24, theluthi yake ni milimita 80, na kwa kanuni ileile inasomeka vizuri kwa umbali wa mita 9 au 10. Aliye ng'ambo ya barabara ataona kwamba pana bango zuri. Jina hatalipata. Ili alipate ungehitaji ubao mrefu karibu mara moja na nusu kwenda juu, na hapo unagombana na kimo cha mlango.

Mpaka hapa nimetetea usomekaji tu, na mtu angeniambia kwamba herufi zilizonyooka za ofisini zinasomeka vilevile. Ni kweli. Kwa nini basi hizi kwa mkate?

Mwaka 1929 mwanasaikolojia Wolfgang Köhler alieleza jaribio la maumbo mawili, moja la kona kali na moja lililoviringana, na maneno mawili ya kubuni, takete na baluma. Ukiwauliza watu lipi ni lipi, wengi huliita takete lile la kona na baluma lile la mviringo. Watu wengine wamelirudia mara nyingi kwa maneno tofauti na matokeo yakaelekea upande huohuo. Maana yake ni kwamba macho hayasomi umbo peke yake. Yanaliunganisha na sauti, na kwa maoni yangu na mguso pia. Sikudanganyi kwamba mviringo wa herufi utakuongezea wateja. Hakuna mtu anayeweza kukupa hesabu hiyo, na akikupa, mkimbie. Ninachosema ni kwamba kona kali zingekuwa zinasema jambo moja wakati mkate wako unasema jingine.

Itazame a ya kwanza kwa karibu. Tumbo lake limetuama chini, zito kidogo kuliko juu, kama donge lililoachwa bakulini likaumuka. Ncha ya juu haikukatwa. Imeishia kwa tone. Pale upinde wa m unapoachana na mguu wake, hakuna kona, kuna mnofu, kama mkate wa kumega unapoanza kuachana. Unga ulioumuka hauna pembe mahali popote. Wewe unatengeneza mkate wa kumega kwa mkono, wenye ganda nene, wa kila siku. Ungekuwa unatengeneza keki za harusi za ghorofa nne zenye maua ya sukari, ningekuwa nakuandikia barua tofauti kabisa, na mikia ingekuwa na mahali pake.

Kuhusu kwamba herufi nene za mviringo zinaonekana za zamani, hilo nalikubali kwa nusu. Zina ukoo. Jamaa yao maarufu ni Cooper Black, iliyochorwa na Oswald Cooper huko Chicago na kutolewa mwaka 1922, ambayo baadaye, miaka ya 1960 na 1970, ilisambaa kila mahali hadi watu wakaizoea kwenye vitu vya utani. Waliobuni Fraunces, Phaedra Charles na Flavia Zimbardi, walichota kwenye ukoo huo kwa makusudi. Kwa duka linalotaka kuonekana jipya, ukoo ni mzigo. Kwa duka la mikate sioni ubaya wa kuonekana kama limekuwapo kabla ya mteja kuzaliwa. Hatari ya kweli ni nyingine: miaka hii herufi laini za namna hii zimependwa sana na maduka ya vyakula, na baada ya muda zinaweza kuchosha macho. Ndiyo maana nimekataa Cooper Black yenyewe, na ndiyo maana nimezigusa herufi tatu kwa mkono zisibaki kama zilivyotoka kwenye faili.

Sasa hilo la bure. Ni kweli, Fraunces ni ya bure, na mtu yeyote anaweza kuipakua leo. Iko chini ya leseni iitwayo SIL Open Font License, inayokuruhusu kuitumia kwenye biashara, kwenye nembo, kwenye bidhaa, bila kumlipa mtu. Kinachokatazwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake. Wengi huchanganya hapo: fonti ni unga, nembo ni mkate. Unga unaweza kununuliwa na kila mtu. Kazi uliyonipa ilikuwa vipimo, mianya, michoro miwili, na zile herufi tatu. Kinyume chake, ule mwandiko wa mikia ulionitumia niliutafuta leseni yake, na unaruhusu matumizi binafsi tu; kuuweka kwenye bango la duka kungehitaji kununua ruhusa. Kuna wengi wanaojikuta hapo bila kujua.

Lakini usichanganye ruhusa ya kutumia fonti na haki ya jina. Leseni haimzuii jirani kuandika jina lake kwa Fraunces, na mimi siwezi kukuhakikishia kwamba jina la duka lako halijasajiliwa na mwingine. Hilo si la mbunifu. Kabla ya kutengeneza bango, nenda kwa ofisi inayosajili alama za biashara au kwa mwanasheria anayezishughulikia, akutafutie jina na akuambie kama ni neno tu unalosajili au neno pamoja na mchoro. Herufi nzuri juu ya jina la mtu mwingine ni gharama ya kufuta.

Kama bado moyo wako uko kwenye mikia, una njia mbili za heshima. Ya kwanza, mwandiko uwe wa pembeni: tumia mikia kwenye kadi za oda za keki, kwa neno moja au mawili, makubwa, kwenye karatasi laini isiyonywa wino. Jina la duka libaki hivi. Ya pili, mtafute mwandishi wa herufi wa kweli, anayechora kwa mkono, akuchoree jina lako lote upya na mistari minene inayostahimili muhuri. Hiyo ni kazi nzuri kuliko fonti yoyote, yangu ikiwemo, ila inachukua muda na fedha zaidi, na nitakusaidia kumweleza vipimo. Njia ambayo siwezi kukushauri ni kuuchukua ule mwandiko ulivyo na kuunenepesha kwenye kompyuta. Programu inaongeza unene pande zote kwa usawa, matundu yanafungwa hata kabla ya wino, na unapata ubaya wa vyote viwili.

Usikubali leo. Kwanza nenda kwa mchapaji wa mifuko ukiwa na rasimu mbili, yangu na ile ya mikia, na mwombe agonge zote mbili kwenye karatasi yake halisi, kwa wino wake, kwa upana wa milimita 40. Atakachokuonyesha kwenye kioo hakikusaidii. Unataka kipande cha karatasi mkononi. Kipitishe kidole juu yake kikishakauka, uangalie tundu la a kwanza, kisha mwanya kati ya m na i. Ikiwa kwenye yangu tundu limejaa, niambie, nitalifungua zaidi. Bado nina nafasi ya kushusha wght hadi 500. Fundi wa bango naye aje mlangoni kwako na asimame ng'ambo ya barabara kabla ya kukata chochote, kwa sababu mimi nimepiga hesabu ya mita 15 kwa maneno yako, na sijui kama kuna mti au nguzo mbele.

Halafu vichukue vile vipande viwili, umpe mtu asiyelijua jina la duka. Si binti yako, si mimi. Mshikie kimoja kwa urefu wa mikono miwili, hesabu sekunde mbili, kiondoe, na umwombe aseme alichosoma. Kisha mtu mwingine kwa kile cha pili. Andika neno walilolitaja kama walivyolitamka, hata kama ni hanura, uniletee.